Dhana potofu katika kutafsiri maelekezo ya dawa kwa mgonjwa

Dhana: Maneno yakiwa ya Kiswahili cha kila siku, mgonjwa hawezi kuyakosea.

Ukweli: Tazama sentensi "Meza kidonge kimoja kila saa 8", iliyotolewa moja kwa moja kwenye maelekezo ya Kiingereza ya amoksisilini. Kila neno ni jepesi, lakini mama mwenye genge sokoni Mbuyuni, Moshi, anaweza kuielewa kuwa ni kidonge kimoja kila siku ifikapo saa nane mchana, na hivyo akapata theluthi tu ya dawa aliyoandikiwa. "Kila baada ya saa 8" ni afadhali, ingawa humwachia mgonjwa kazi ya kupiga hesabu. Iliyo salama zaidi ni kumtajia nyakati zenyewe: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku. Mtafsiri ahakikishe pia kwamba hajanakili tarakimu za saa ya Kiingereza, kwa kuwa 9:00 ya asubuhi kwetu ni saa 3.

"Kutwa mara tatu" limezoeleka katika maduka ya dawa, ila wengi hulifuatisha na chai, chakula cha mchana na cha jioni, na usiku wote ukapita bila dawa. Kabla ya kulitumia, mwulize aliyeandika dawa kama anataka vipindi vilingane.

Dhana: "Dozi" ni neno la kitabibu lililokwisha kuwa Kiswahili, hivyo halihitaji maelezo.

Ukweli: Mitaani "kumaliza dozi" ni kumaliza dawa zote za siku zote, ilhali maelekezo ya Kiingereza hukusudia kiasi cha kumeza mara moja. Kwa hiyo "ukisahau dozi" humtatiza msomaji. Andika hivi: "Ukisahau dawa ya saa 9 alasiri, imeze mara unapokumbuka. Ukikumbuka ikiwa saa 5 usiku imekaribia, acha uliyoisahau, umeze ya saa 5 peke yake. Usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia."

Dhana: Tafsiri ikirudishwa kwenye Kiingereza na ikalingana na matini asilia, ni sahihi.

Ukweli: Hatua hiyo hufichua sentensi iliyorukwa au kipimo kilichobadilika, na isiachwe. Hata hivyo, mtu wa pili anayejua tiba atairudisha "kila saa 8" kwa maana aliyoitarajia, na kosa halitaonekana. Kipeperushi kisomwe na watu wasio wauguzi, wakiwemo wazee wa Rombo au Machame ambao nyumbani huzungumza Kichaga. Wasiulizwe "Mmeelewa?", kwa sababu kwa heshima watajibu ndiyo. Muuguzi aseme: "Shikamoo bibi. Ukianza dawa hii kesho asubuhi, utaimeza saa ngapi, na mara ya pili saa ngapi?" Akijibu saa nane mchana, kinachorekebishwa ni sentensi ya kipeperushi, kisha kinapelekwa kwa msomaji mwingine ambaye hajakiona.