Kiungo ni anwani tu, ruhusa inakaa kwenye waraka

Katika kazi yangu ya kusimamia nyaraka za mtandaoni za vyama vya akiba na mikopo, ombi ninalopokea mara nyingi kuliko yote ni hili: "Tutumie kiungo kimoja cha kutazama kwa ajili ya wanachama, na kingine cha kuhariri kwa ajili ya katibu." Kwa waraka uliohifadhiwa Google Docs, ombi hilo halitekelezeki jinsi lilivyo, kwa sababu waraka mmoja una kiungo kimoja, na kiungo hicho hakibebi ruhusa yoyote ndani yake. Kinafanana na anwani ya nyumba, nayo anwani humwelekeza mgeni mlangoni bila kumwambia kama atafunguliwa.

Mtu akikitazama kiungo chenyewe ataona kitu cha namna hii:

```
https://docs.google.com/document/d/KITAMBULISHO/edit?usp=sharing
```

Mahali nilipoandika KITAMBULISHO huwa pana mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ambao ni wa waraka huo peke yake na haubadiliki maisha yake yote. Neno `edit` linalofuata huwatia watu wengi hofu, lakini halimpi mtu uwezo wa kuhariri. Mtazamaji akikifungua kiungo hicho atasoma tu. Vivyo hivyo, kulifuta neno hilo na kuandika `view` hakumzuii mhariri, maana ataweza kulirudisha mwenyewe akitaka. Ruhusa imeandikwa kwenye waraka, ndani ya dirisha linalofunguka unapobonyeza `Share`, na ukiibadilisha hapo inabadilika kwa kila mtu aliye na kiungo, hata aliyetumiwa miezi sita iliyopita.

Nililielewa jambo hili kwa uzito wake wote nilipoitwa na chama kimoja chenye wanachama 64 kilichokuwa kinarekebisha katiba yake. Mhazini alikuwa amefungua sehemu ya `General access`, akachagua `Anyone with the link`, akampa kila mwenye kiungo nafasi ya `Editor` ili wanachama watoe maoni yao, kisha akakituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp. Siku tisa baadaye katibu aligundua kwamba kifungu cha mikopo, kilichosema kwamba mwanachama ataweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, sasa kilisema mara tano. Hakuna aliyekiri kukigusa.

Tulifungua menyu ya `File`, tukaingia `Version history`, kisha `See version history`, ambako mabadiliko yote huorodheshwa kwa tarehe na saa pamoja na jina la aliyeyafanya. Badiliko tulilolitafuta lilikuwapo, limefanyika usiku, lakini halikuwa na jina, kwa kuwa aliyelifanya aliufungua waraka bila kuingia kwenye akaunti yake. Mwenyekiti alitaka turudishe toleo zima la siku iliyotangulia. Nilimshauri asifanye hivyo, kwa sababu katibu alikuwa amesharekebisha vifungu vingine vitatu baada ya usiku ule, na kurejesha toleo la zamani kungeifuta kazi yake. Tulinakili kifungu kimoja kilichoharibika kutoka toleo la nyuma na kukibandika mahali pake.

Kosa la mhazini lilikuwa kudhani kwamba mtu hawezi kutoa maoni asipopewa uhariri. Kati ya mtazamaji, ambaye husoma tu, na mhariri, ambaye hubadilisha maandishi moja kwa moja, ipo nafasi ya `Commenter`, yaani mtoa maoni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kwa rasimu yoyote inayojadiliwa na watu wengi. Katika Google Docs, mtoa maoni ana uwezo zaidi ya kuandika maelezo pembeni. Anaweza kuandika ndani ya sentensi yenyewe, ila maneno yake yanatokea kama pendekezo lenye rangi, na maneno ya awali yanabaki yamepigwa mstari mpaka mhariri akubali au akatae. Laiti kifungu cha mikopo kingeguswa kwa njia hiyo, "mara tano" ingeonekana kama pendekezo, nayo "mara tatu" ingebaki hapo hapo mbele ya macho ya wote. Ikumbukwe tu kwamba katika lahajedwali za Google Sheets mtoa maoni huandika maelezo pembeni peke yake. Hawezi kupendekeza tarakimu mpya ndani ya kisanduku.

Kwa hiyo tulipanga upya. Wanachama wote waliachiwa kiungo kile kile walichokwisha kukipokea, tukabadilisha nafasi yao kuwa ya watoa maoni. Mwenyekiti na katibu tuliwaingiza kwa barua pepe zao, kila mmoja kwa jina, tukawapa uhariri. Kisha tulibonyeza alama ya gurudumu la meno iliyo juu ya dirisha lile lile, tukaondoa tiki inayowaruhusu wahariri kubadilisha ruhusa na kuwashirikisha wengine, kwa sababu ikibaki, kila mhariri anaweza kumwongeza mhariri mwingine bila mwenye waraka kuulizwa. Hapo ndipo lile ombi la viungo viwili linapojibiwa: kiungo ni kimoja, lakini katibu akikifungua anahariri kwa kuwa jina lake limo, na mwanachama akikifungua anatoa maoni kwa kuwa jina lake halimo.

Hapa pana kanuni moja inayowanasa hata watu wenye uzoefu. Mtu anapokuwa na ruhusa mbili, moja kwa jina lake na nyingine kwa kuwa mwenye kiungo, anayoipata ni ile iliyo kubwa. Ukimwandika mtu kwa jina kuwa mtazamaji, huku kila mwenye kiungo ni mhariri, mtu huyo ni mhariri. Jina halimpunguzii kitu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotuponyoka katika suala la tarehe ya mwisho. Chama hicho kina akaunti ya kazini ya kulipia, na akaunti nyingi za aina hiyo zinaruhusu ruhusa ya mtu kuwekewa ukomo: unabonyeza mshale ulio kando ya nafasi yake, unachagua `Add expiration`, kisha unaweka tarehe, isiyozidi mwaka 1 tangu siku hiyo. Tulimpa mkaguzi wa hesabu utazamaji wa daftari la mikopo mpaka tarehe 30 Juni. Katikati ya Julai alitupigia simu kwa uungwana, akasema, "Ndugu, daftari lenu bado linafunguka kwangu." Ruhusa yake ya jina ilikuwa imeisha siku yake bila hitilafu. Kilichobaki wazi ni ruhusa ya jumla, ambayo mtu fulani aliwahi kuiweka kwa kila mwenye kiungo na kuisahau, na ruhusa hiyo haina sehemu ya kuwekewa tarehe hata kwenye akaunti ya kulipia. Tangu siku hiyo sitaji tarehe ya mwisho kwa mteja kabla sijahakikisha kwamba `General access` inasomeka `Restricted`.

OneDrive ya Microsoft imejengwa kwa fikra tofauti, na ni vema anayetumia mifumo yote miwili asizichanganye. Huko kila kiungo unachotengeneza kina ruhusa yake chenyewe, kwa hiyo faili moja linaweza kuwa na kiungo cha kutazama na kingine cha kuhariri, na kufuta kimoja hakukigusi cha pili. Tarehe ya mwisho nayo huwekwa kwenye kiungo, pamoja na nywila ukitaka, ingawa kwa akaunti ya mtu binafsi huduma hizo mbili zinahitaji usajili wa kulipia.

Kwa wanaotumia Gmail ya kawaida, ambako ruhusa haiwezi kuwekewa ukomo, au wanaotaka ruhusa ya jumla ijifunge yenyewe, ninatumia programu fupi ndani ya `script.google.com`, kwa akaunti ya mwenye waraka:

```
function fungaWaraka() {
  var faili = DriveApp.getFileById('KITAMBULISHO');
  faili.setSharing(DriveApp.Access.PRIVATE,
                   DriveApp.Permission.EDIT);
}
```

Neno la mwisho lisimtishe msomaji, kwa kuwa linalofunga ni `PRIVATE`, yaani waraka unabaki kwa walioandikwa majina peke yao. Baada ya kuiendesha mara moja kwenye waraka wa majaribio ili kuipa idhini, unaweka kitambulisho cha waraka halisi, unafungua `Triggers`, unachagua `Time-driven`, kisha `Specific date and time`, na kuandika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kwa mfano `2026-06-30 20:00`. Hiyo 20:00 ni saa mbili usiku kwa hesabu yetu. Nimeshuhudia mtu akiandika 02:00 akikusudia saa mbili hiyo hiyo ya usiku, na waraka ukajifunga saa nane usiku, saa kumi na nane kabla ya muda aliowatangazia watu wake. Hakikisha pia kwamba mipangilio ya mradi inaonyesha ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, kwa sababu saa hiyo inasomwa kwa ukanda uliowekwa hapo.

Kufunga, kwa mkono au kwa programu, hakurudishi nakala ambazo watu wamekwisha kuzipakua. Kuna tiki nyingine kwenye gurudumu la meno inayowapa watazamaji na watoa maoni uwezo wa kupakua, kuchapisha na kunakili, nami huiondoa kwa nyaraka nyeti, lakini haimzuii mtu kupiga picha kioo cha simu yake.

Kuthibitisha ruhusa huchukua chini ya dakika moja. Nakili kiungo, fungua dirisha la hali fiche ambamo hujaingia kwenye akaunti yoyote, kibandike. Waraka ukifunguka, unaonekana na kila mwenye kiungo, na vitufe utakavyoviona vitakuambia kama anasoma tu, anatoa maoni au anahariri. Ukikutana na ukurasa wa kuingia kwenye akaunti au wa kuomba ruhusa, umefungwa kwa wasioandikwa. Usijaribu kwa akaunti yako mwenyewe, kwani mwenye waraka hufunguliwa daima.

Lipo jambo moja ambalo kubadilisha ruhusa hakuwezi kulitibu. Kiungo kikishasambaa kwa watu wasiohusika, unaweza kukifunga leo, lakini siku utakapoufungua tena waraka ule kwa kila mwenye kiungo, wote wale wataingia, maana kitambulisho ni kile kile. Katiba ya chama kile ilipokamilika, tulichagua `Make a copy`, tukaacha bila tiki kisanduku cha kuwashirikisha watu wale wale, na nakala hiyo mpya, yenye kitambulisho chake, ndiyo waliyotumiwa wanachama kwa ajili ya kusoma. Rasimu ya zamani ipo bado, imefungwa, pamoja na badiliko lake lisilo na jina.