Kusafirisha Kipimo kwa Nyaya Mbili: Transmita ya Miliampea 4 hadi 20 na Uchaguzi wa Rezista ya Mpokeaji

Sensa ya shinikizo iliyofungwa chini ya tangi la maji hutoa volteji ndogo, na volteji hiyo ikipitishwa kwenye waya wa nusu kilomita hadi chumba cha pampu hufika ikiwa imepungua na kuchanganyika na kelele za umeme. Mkondo haupungui namna hiyo, kwa sababu kiasi kinachoingia upande mmoja wa kitanzi ndicho kinachotoka upande wa pili, mradi nyaya hazivujishi. Ndiyo maana mafundi wa vipimo hugeuza volteji ya sensa kuwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20, na nyaya mbili zilezile hupeleka umeme kwenye sensa na kurudisha kipimo.

Tuchukue sensa inayotoa volti 0.5 tangi likiwa tupu na volti 4.5 likiwa limejaa, pamoja na transmita iliyojengwa kwa saketi unganishi XTR115, ambayo huzidisha mara 100 mkondo unaoingia kwenye pini yake ya kuingizia. Ili tupate miliampea 4 tunahitaji mikroampea 40 kwenye pini hiyo, na ili tupate miliampea 20 tunahitaji mikroampea 200. Tofauti ni mikroampea 160 kwa mabadiliko ya volti 4, kwa hiyo rezista inayotoka kwenye sensa ni kiloomu 25. Hata hivyo, volti 0.5 kupitia rezista hiyo huleta mikroampea 20 tu. Zile 20 zinazobaki tunazipata kwenye volteji rejea ya volti 2.5 iliyomo ndani ya XTR115, kupitia rezista ya kiloomu 125.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba sensa yenyewe hula sehemu ya mkondo uleule. Waya hasi wa sensa lazima urudi kwenye pini ya IRET ya XTR115, yaani pini ya kurudishia mkondo, si moja kwa moja kwenye waya wa kitanzi, na jumla ya matumizi ya sensa na saketi lazima ibaki chini ya miliampea 4. Sensa inayokula miliampea 6 haitaruhusu kitanzi kishuke chini ya hapo, na tangi tupu litasomeka kana kwamba lina zaidi ya asilimia 12 ya maji.

Upande wa mpokeaji, rezista hugeuza mkondo kuwa volteji tena. Omu 250 ndiyo iliyozoeleka, kwa sababu hutoa volti 1 hadi 5. Lakini kidhibiti kidogo chenye pini za volti 3.3 kinaweza kuharibiwa na volti 5, kwa hiyo hapo tunaweka omu 150, inayotoa volti 0.6 hadi 3.0 na kuacha nafasi ya miliampea 21 wakati wa hitilafu.

Kabla ya kuifunga rezista hiyo ni lazima tuhesabu volteji ya kitanzi kizima. XTR115 inahitaji angalau volti 7.5, daraja la diodi linalokinga dhidi ya kugeuza nyaya hula takribani 1.4, na waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, kwenda na kurudi kilomita moja, una ukinzani wa takribani omu 36. Kwa chanzo cha volti V na mkondo wa juu wa miliampea 21, rezista kubwa kabisa ya mpokeaji inayoruhusiwa, R, ni:

```
R = (V - 7.5 - 1.4) / 0.021 - 36
```

Kwa chanzo cha volti 24 jibu ni takribani omu 683, hivyo omu 150 inakaa kwa raha. Kwa betri ya volti 12 ya sola iliyoshuka hadi 11, jibu ni omu 64 tu. Fundi akiacha omu 150 hapo, mkondo utakwama kwenye takribani miliampea 11.3, na tangi lililojaa litaonyesha kama asilimia 45. Mchana, betri inapochajiwa, usomaji hurudi sawa, na mtu huishia kuilaumu sensa isiyo na kosa. Dawa ni kutumia rezista ya omu 50 na kukubali volti 0.2 hadi 1.0, au kupandisha chanzo hadi volti 24, njia ambayo ni bora kwa maoni yangu kwa sababu inaacha akiba ya kutosha.

Rezista iwe ya usahihi wa asilimia 0.1, kwa kuwa kosa lake huingia lote kwenye kipimo. Katika kazi ya kawaida haipotezi hata wati 0.07, lakini nyaya zikigusana karibu na chumba cha pampu, volti 24 nzima huangukia kwenye omu 150 na kuzalisha karibu wati 4, na rezista ya robo wati itaungua. Fyuzi ya miliampea 50 kwenye waya chanya huizuia hasara hiyo.

Kipimo kikikwama, weka multimita ya volti kwenye vituo viwili vya transmita tangi likiwa limejaa. Usomaji ulio karibu na volti 8.9 au chini yake unaonyesha kwamba kitanzi kimeishiwa volteji, na unaozidi hapo kwa mbali unaonyesha kwamba kasoro itafutwe kwenye sensa au kwenye rezista za kuingizia.