Arobaini inaangukia lini? Tafuta kwanza siku ya kwanza

Kadi ya arobaini huwa na mistari michache: jina, mahali, saa na tarehe. Ninachapa kadi hizi Dodoma mjini, za misiba na za watoto, na kinachorudisha kazi nyuma karibu siku zote ni tarehe. Ndugu wawili wanafika kwa ajili ya marehemu mmoja. Mmoja anasema tarehe 19, mwingine 20, na kila mmoja amehesabu hadi arobaini bila kuruka hata siku moja. Hesabu zao zote ziko sawa, ila hazikuanzia mahali pamoja.

Familia nyingi ninazozihudumia huihesabu siku ya tukio kuwa siku ya kwanza. Mtu akifariki leo, leo ni moja na kesho ni mbili. Kwa hesabu hiyo, kati ya siku ya msiba na siku ya arobaini kuna hatua 39, si 40. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mkono huenda wenyewe kwenye kujumlisha arobaini. Mzee anayehesabu usiku aliolala tangu msiba naye atakwambia, siku ya arobaini yenyewe ikifika, kwamba amelala usiku 39. Hajakosea, amehesabu usiku badala ya siku.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kalenda ya ukutani. Weka kidole kwenye siku ya tukio na useme moja. Shuka mstari mmoja chini, siku ileile ya wiki ijayo: hiyo ni ya nane. Endelea kushuka: kumi na tano, ishirini na mbili, ishirini na tisa, thelathini na sita. Umeshuka mara tano. Kutoka hapo tembea siku nne mbele: thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini.

Ukiielewa njia hiyo, utaona kwamba arobaini huangukia siku ya nne baada ya siku ya wiki ya tukio. Msiba wa Jumatatu, arobaini Ijumaa. Wa Jumanne, Jumamosi. Wa Jumatano, Jumapili. Wa Jumapili, Alhamisi. Mtu akiniambia msiba ulikuwa Jumatatu na arobaini ni Jumamosi, sihitaji hata kufungua kalenda: siku ya kwanza imeachwa nje.

Wakristo wana ushahidi wa hesabu hii ndani ya kalenda ya kanisa. Pasaka ni Jumapili, na Kupaa kwa Bwana, siku ya arobaini, ni Alhamisi. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili na Alhamisi ya Kupaa ikawa tarehe 29 Mei. Vivyo hivyo kutoka Krismasi, tarehe 25 Desemba, hadi sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, tarehe 2 Februari: ihesabu Krismasi kuwa moja na utafika arobaini bila kubaki wala kuzidi. Mtu akibisha kwamba siku ya kwanza haihesabiwi, mimi humwonyesha tarehe hizi mbili kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa asiye na kalenda karibu, kuna njia ya tarehe. Chukua tarehe ileile ya mwezi unaofuata, kisha ongeza siku tisa kama mwezi wa tukio una siku 30, au nane kama una siku 31. Tukio la Februari huongezewa kumi na moja, au kumi kama ni mwaka mrefu. Tarehe ikipita mwisho wa mwezi huo unaofuata, toa idadi ya siku zake. Mfano ni tarehe 25 Julai: Agosti 25 ukiongeza nane unapata 33, toa 31, inabaki tarehe 2 Septemba. Baada ya hapo ipime kwa siku ya wiki. Kama haikuangukia siku ya nne mbele, rudia.

Lakini hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Kazi kubwa ni kujua siku ya kwanza ni ipi, hasa tukio likitokea usiku.

Tuchukue mfano wa mzee aliyefariki hospitalini Dodoma mjini Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa mbili usiku. Alizikwa Kondoa Alhamisi, tarehe 12, kwa sababu walimsubiri mwanawe aliyekuwa safarini kutoka Mwanza. Mzee alikuwa Mwislamu, lakini wajukuu kadhaa ni Wakristo, jambo la kawaida sana katika familia za huku kwetu.

Mjukuu aliyeshika karatasi ya hospitali anaona tarehe 10. Kwa hospitali siku hubadilika saa sita usiku, kwa hiyo saa mbili usiku bado ni Jumanne. Akianzia hapo, tarehe 10 Julai ukiongeza tisa ni tarehe 19 Julai, Jumamosi.

Sheikh wa familia anaanza kwingine. Kwake siku hufungwa jua linapozama, na usiku huitangulia siku yake. Mwezi wa Juni jua la Dodoma huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa mbili usiku Magharibi ilikuwa imeshaingia, kwa hiyo mzee amefariki ndani ya siku ya Jumatano. Siku ya kwanza ni tarehe 11, na arobaini ni tarehe 20 Julai, Jumapili.

Mpwa wa marehemu naye anataja tarehe 20, lakini kwa njia nyingine kabisa. Ameanza na tarehe 10 ya hospitali, akaiacha siku yenyewe, akajumlisha 40. Na shangazi aliyebaki Kondoa amehesabu tangu maziko, kwa kuwa kwake msiba ulianza jeneza lilipofika nyumbani. Amepata tarehe 21, Jumatatu.

Tazama hatari iliyopo hapo. Sheikh na mpwa wanakubaliana juu ya tarehe 20, kikao kinafurahi, kumbe hawajakubaliana juu ya jambo lolote. Siku mpwa huyo atakapohesabu msiba uliotokea asubuhi, atakuwa peke yake na tarehe yake, na hatajua kwa nini. Tena mtu akichukua mwanzo wa sheikh na kuuchanganya na kuruka kwa mpwa, anafika tarehe 21 na kudhani shangazi alikuwa sahihi.

Kwa sababu hiyo siulizi familia, "Arobaini ni lini?" Ninauliza, "Siku yenu ya kwanza ni ipi, na saa ngapi?" Ninaiandika siku hiyo kwanza kwenye daftari, wakubwa waione na kuikubali, ndipo nihesabu mbele yao. Maziko siyahesabu hata kidogo, isipokuwa familia yenyewe iniambie kwamba kwao ndiko hesabu inakoanzia. Kwa mzee huyu, marehemu akiwa Mwislamu na kisomo kikiwa ndiyo shughuli yenyewe, ningefuata Magharibi na kuandika Jumapili, tarehe 20 Julai.

Magharibi inahitaji uangalifu wa mahali. Jua la Dodoma huzama kama robo saa baada ya la Dar es Salaam, kwa sababu sisi tuko magharibi zaidi huku saa zetu zikiwa zilezile. Mtu akifariki Dodoma wakati redio ya Dar imetoka kutoa adhana, hapa bado ni mchana wa siku ileile. Usiitumie adhana ya redio, tumia ya msikiti wa mtaani.

Upande wa pili wa usiku una mtego wake. Mtu akifariki saa nane usiku baada ya Jumanne, wengi nyumbani watasema "Jumanne usiku", huku karatasi ya hospitali ikisema Jumatano. Hapo hospitali na sheikh wako pamoja, na mazungumzo ya nyumbani ndiyo yaliyobaki nyuma siku moja. Dawa yake ni kuandika "usiku wa kuamkia Jumatano" na kuweka saa. Tangu nianze kudai saa, ubishi mwingi unaishia mezani.

Kwa wanaotumia kompyuta, weka siku ya kwanza mliyokubaliana kwenye kisanduku A2 cha Excel, kisha andika kwenye kisanduku kingine:

```
=A2+39
```

Kagua namna mashine inavyosoma tarehe. Ukiandika 10/06/2025 kwenye mashine inayoanza na mwezi, itasoma tarehe 6 Oktoba na kukupa tarehe 14 Novemba. Ukiandika 13/06/2025 italiona kama neno tu na kutoa `#VALUE!`. Kosa la pili ni afadhali, kwa sababu linajionyesha.

Kwa mama mzazi hesabu ni ileile, na siku ya kujifungua ndiyo ya kwanza. Aliyejifungua kwa upasuaji na kukaa wodini siku kadhaa mara nyingi huhesabiwa na wakwe tangu alipoingia nyumbani, na kosa hilo ni ndugu wa kuhesabu tangu maziko. Hapa kliniki inatusaidia. Chanjo ya wiki sita huangukia siku ileile ya wiki aliyozaliwa mtoto, na arobaini huja siku tatu kabla yake. Mtoto aliyezaliwa mchana wa Jumatatu, tarehe 1 Septemba 2025, arobaini yake ni Ijumaa, tarehe 10 Oktoba, na wiki sita zinatimia Jumatatu, tarehe 13. Kwa mtoto wa mchana kama huyu, ukizikuta tarehe hizo mbili zimeachana kwa siku mbili au nne, moja imekosewa. Lakini usiahirishe chanjo ili mama "atoke arobaini" vizuri. Ikiwa hesabu ya nyumbani imesogea mbele, tarehe ya kliniki inabaki palepale.

Jambo moja kwa wajane wa Kiislamu, kwa kuwa huulizwa kila mara: arobaini haimalizi eda. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye eda yake huisha anapojifungua. Usiandike kwenye kadi ya arobaini kwamba mjane anatoka eda. Na wapo masheikh wasioikubali shughuli ya arobaini yenyewe; hilo familia huliamua na sheikh wao.

Mara nyingi arobaini ikiangukia katikati ya wiki, shughuli husogezwa hadi Jumamosi au Jumapili ili walioko Dar au Arusha wafike. Sioni ubaya, na kanisa nalo katika nchi nyingi huadhimisha Kupaa Dominika inayofuata Alhamisi yake. Ninachokataa ni kuificha siku halisi, kwa sababu mwakani mtoto wa familia ataihesabu kadi hiyo kurudi nyuma na kupata tarehe ya kifo isiyo ya kweli. Kwa hiyo huandika zote mbili, mstari mmoja chini ya mwingine: "Arobaini inatimia Alhamisi. Shughuli ni Jumamosi, saa nne asubuhi."