Usimamizi wa taharuki: bidhaa inaposhukiwa, kiwanda kifanye nini

Usimamizi wa taharuki ni kazi ya kuwakinga watu na madhara na kuwaambia ukweli kwa wakati, bidhaa inaposhukiwa kuwa na hatari. Kazi hizo mbili huenda pamoja. Tangazo zuri halina maana kama chupa bado ziko rafuni, na kukusanya chupa kimyakimya hakumsaidii aliyekwisha kuipeleka nyumbani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda kidogo cha Moshi kinatengeneza siagi ya karanga. Asubuhi moja mnunuzi wa Arusha anapiga simu: amepima chupa moja maabara na sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, imezidi kiwango. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1, iliyo kali kuliko nyingine.

Hatua ya kwanza ni kusimamisha mauzo ya bechi hiyo saa hiyohiyo, kabla ya kubishana kuhusu majibu. Hapa ndipo wengi huteleza. Meneja hupeleka chupa nyingine maabara, ikirudi safi anatangaza kwamba hakuna tatizo. Lakini sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia: punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba karibu sumu yote. Kusaga huchanganya kiasi, ila chupa moja safi haiisafishi bechi nzima. Wala kuonja hakusaidii, kwa kuwa sumu hii haina ladha, na kukaanga hakuimalizi.

Kisha unafuatilia, nyuma na mbele. Nyuma: karanga zilitoka gunia zipi, kwa nani, na gunia hizohizo ziliingia bechi gani nyingine? Mashine ilisafishwa kabla ya bechi iliyofuata? Ukiruka maswali haya utatangaza bechi moja leo na nyingine wiki ijayo, na tangazo la pili huua imani kuliko la kwanza.

Mbele: tuseme bechi ilikuwa na chupa 1,200. Stoo zimebaki 300, msambazaji wa Moshi alichukua 540 akazipeleka Kiborloni, Himo na Boma Ng'ombe, na wa Arusha alichukua 360. Baada ya kuzunguka madukani, Moshi zinarudi 410 na Arusha 250. Ukijumlisha na za stoo, mkononi una 960. Chupa 240 ziko majumbani. Hiyo ndiyo namba ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu tangazo linaandikwa kwa ajili ya wenye chupa hizo 240.

Tangazo lisisubiri hesabu ikamilike. Siku ileile ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ya Kanda ya Kaskazini ijulishwe, maana tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya shirika hilo. Halafu mtu mmoja tu asemee kiwanda, na madereva na wauzaji wapewe maneno yaleyale. Yawe hivi: “Usile siagi yetu ya karanga ya gramu 400 yenye namba ya bechi iliyoandikwa hapa. Kipimo kimoja kimeonyesha sumukuvu kuzidi kiwango. Irudishe dukani, hata kama imefunguliwa, urudishiwe fedha bila risiti. Tutatoa taarifa nyingine kesho saa kumi jioni.” Saa kumi ikifika, sema, hata kama majibu ya maabara hayajatoka. Usimtaje mkulima wala usimlaumu mnunuzi, kwani chanzo bado hakijajulikana.

Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya mtu kutia sayanidi kwenye vidonge vya Tylenol vikiwa madukani. Kosa halikuwa la kiwanda, lakini Johnson & Johnson waliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, kisha wakarudi na kifungashio kinachoonyesha kama kimeguswa. Walirudi na kitu kilichobadilika, na mteja angeweza kukiona.

Kwa kiwanda chetu, kilichobadilika kiwe kwenye mapokezi ya karanga: kila gunia lichomwe bambo sehemu kadhaa, sampuli zichanganywe na kupimwa kabla ya kuingia mashineni, na punje zilizokunjamana au kubadilika rangi zichambuliwe. Chupa zilizorudi ziharibiwe mbele ya mkaguzi. Zisiuzwe wala kugawiwa kama chakula cha mifugo, kwa maana ng'ombe akila B1, sehemu yake hutoka kwenye maziwa ikiwa aina nyingine ya sumukuvu iitwayo M1, na sumu itawarudia watoto wa Kilimanjaro kwa njia nyingine.