Je, wajua? Siki haiwezi mafuta ya kahawa

"Mashine yangu ya espreso nimeipitishia siki mara mbili mwezi huu, maji yanatoka vizuri kabisa ila kahawa bado ina ladha ya mafuta yaliyolala. Nakosea wapi?"

Siki umeipa kazi isiyo yake. Ndani ya hiyo mashine kuna uchafu wa aina mbili, chokaa inayoletwa na maji na mafuta yanayoletwa na kahawa, na kila mmoja una dawa yake. Siki ni asidi, inakula chokaa, ndio maana maji yako yanatoka vizuri, lakini mafuta hayajali asidi hata kidogo. Jaribu kuosha sufuria ya maandazi kwa ndimu bila sabuni utaelewa.

Haya, hayo mafuta yanatoka wapi? Kwenye punje yenyewe. Arabika, kama ile ya Kilimanjaro, ina mafuta kama asilimia 15 ya uzito wake, robusta ya Bukoba inayo machache kidogo, karibu 10. Ukitumia chujio la karatasi mafuta mengi yananasa pale pale kwenye karatasi unayatupa, ila espreso inapita kwenye kikapu cha chuma chenye vitundu tu, tena kwa presha ya kama baa 9, kwa hiyo mafuta yanapita nayo, na hiyo krema nzuri juu ya kikombe ina mafuta ndani yake. Mafuta mabichi ni matamu. Shida ni yale yaliyobaki kwenye chuma.

Sehemu kubwa ya mafuta ya kahawa ni asidi ya linoleiki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti, na hiyo haipatani na hewa na joto. Oksijeni inaishika, inaikatakata, vinazaliwa vitu vidogo vyepesi vinavyopaa hadi puani, ndio ile harufu ya karanga za zamani au chupa ya mafuta iliyosahaulika kabatini. Sasa chuma cha mashine kinakaa kwenye joto la nyuzi 90 na kitu kutwa nzima, kwa hiyo kinachochukua miezi kabatini hapo kinachukua siku chache. Yakiendelea kuiva yanashikana yanakuwa kama vanishi ya kahawia, hata kwa kitambaa hayatoki. Na kila kikombe kipya kinapita juu yake kikiwa cha moto, kinabeba kidogo.

Kabla hujaosha hakikisha kwanza. Washa mashine, ipate moto, funga portafilta, ule mpini unaoshika kikapu cha kahawa, bila kahawa halafu pitisha maji kwenye kikombe kisafi. Yaache yapoe kidogo, nusa, onja. Maji safi hayana la kusema. Yakiwa na rangi ya chai nyepesi, au yananuka kama jivu lililolowa, au yanaacha vitone vinavyong'aa juu, basi umepata jibu, sio kahawa yako mbaya na wala sio aliyeikaanga (huwa tunamlaumu huyo kwanza, maskini).

Sasa kwa nini kupangusa kwa juu hakutoshi, hapa ndipo wengi wanapopotea. Mashine nyingi za espreso zina valvu ya njia tatu. Ukizima pampu, ile presha iliyobaki juu ya kahawa inatafuta pa kutokea, valvu inaifungulia njia, na maji machafu yenye mafuta na vumbi la kahawa yanarudi JUU, yanapita kwenye kichwa cha mashine na kwenye valvu ndio yanamwagika kwenye trei. Yaani kila kikombe kinapaka mafuta mahali ambapo kidole chako hakifiki.

Kwa hiyo dawa nayo inabidi ipite njia hiyo hiyo. Chukua kile kikapu kisicho na matundu, weka unga wa kusafishia mashine za kahawa kama gramu 3, nusu kijiko cha chai hivi. Unga huo mara nyingi una sodiamu pakaboneti, ambayo ikikutana na maji ya moto inatoa oksijeni ya kung'oa rangi na inabaki na ndugu wa magadi, na magadi na mafuta unajua wakikutana inatoka sabuni. Funga portafilta, washa pampu sekunde 10, zima sekunde 10, rudia mara tano. Utaona trei inajaa povu la kahawia, usishtuke. Toa, suuza kikapu, rudia mara tano tena kwa maji matupu mpaka yatoke meupe, halafu tengeneza espreso moja uimwage. Vikapu na ile sahani ya vitundu ya kichwani (inafunguliwa kwa skrubu moja tu mara nyingi) viloweke dakika 20 kwenye nusu lita ya maji ya moto na kijiko cha chai cha unga huo huo. Usiloweke mpini wa mbao wala kitu cha aluminiamu, kitakuwa cheusi na hakirudi.

Angalizo: kama mashine yako ni ndogo ya nyumbani haina hiyo valvu, USIFANYE hivyo. Utaijua, ukizima pampu haitemi maji kwenye trei, na kahawa inabaki tope ndani ya portafilta. Presha haina pa kutokea na ukifungua portafilta maji ya moto yatakurukia. Hiyo we loweka vikapu, fungua ile sahani, sugua kwa brashi, inatosha.

Mwenye kofi meka ya kudondosha mambo yake mepesi zaidi, mafuta yako kwenye kikapu cha chujio na kwenye jagi, hasa jagi la chupa ya chai ambalo ndani hulioni. Unga huo huo kijiko kimoja, maji ya moto mpaka juu, nusu saa, suuza sana.

Chokaa ni hadithi nyingine na inategemea unakaa wapi. Maji ya visima, kama ya Dodoma au yale ya Pwani yanayopita kwenye mawe ya matumbawe, yakipata moto yanaacha chokaa kama unavyoona kwenye birika. Dalili yake sio ladha ya mafuta, ni mashine kunguruma, kutoa mvuke mwingi na kuchelewa, jagi la dakika 7 linachukua 15. Hapo siki inafaa, ila mimi naona asidi ya sitriki ni bora maana haiachi harufu: gramu 20 kwa lita ya maji ya vuguvugu, pitisha nusu, zima nusu saa, malizia, kisha pitisha matangi mawili ya maji safi. Usiichanganye na unga wa mafuta, asidi na magadi vinauana, unabaki na povu lisilo na kazi. Na jiki weka mbali kabisa, ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini.

Mashine kubwa ya mgahawa yenye boila usiimwagie asidi mwenyewe, vipande vya chokaa vikibanduka vinaziba vitundu vyembamba kuliko pini, muite fundi. Lakini kuosha mafuta yake ni kazi ya kila jioni, na wewe kwa vikombe viwili vitatu kwa siku, anza na mara moja kwa wiki halafu onja yale maji matupu tena.