Sumaku kali haifai kuwa kiini cha transfoma

"Kama sumaku ya neodimiamu ina nguvu kuliko chuma, kwa nini wasiiweke katikati ya transfoma ifanye kazi vizuri zaidi?"

Hapo neno "nguvu" linapotosha. Kwa kubeba usumaku mwingi, chuma chenye silikoni cha transfoma ndicho kinachoshinda: hufikia karibu tesla 2, wakati neodimiamu hubaki na 1.2 hivi. Tofauti kubwa iko kwenye ukaidi, yaani ugumu wa kufuta au kugeuza usumaku.

Ndani ya chuma kuna vikoa, yaani sehemu ndogo sana ambazo usumaku wa atomi zake umeelekea upande mmoja. Koili ikipitisha umeme, kuta zinazotenganisha vikoa husogea. Katika chuma cha silikoni huteleza kirahisi, hata uga wa ampea 10 hivi kwa mita hutosha kufuta usumaku uliobaki. Neodimiamu hudai karibu 900,000, na ndiyo maana hudumu kuwa sumaku.

Sasa umeme wa gridi yetu hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde. Kila mzunguko hugeuza usumaku wa kiini na kuurudisha, na ukichora usumaku huo dhidi ya uga wa koili unapata kitanzi kiitwacho cha histeresisi; eneo lililo ndani ya kitanzi ni nishati inayogeuka joto. Nikikadiria kitanzi kama mstatili, lita moja ya chuma hupoteza wati 4 hivi. Lita ya neodimiamu ingepoteza zaidi ya kilowati 200! Tena koili ya kawaida ya transfoma isingeweza hata kuigeuza.

Kwenye spika mambo hupinduka: huko huhitajika sumaku inayodumu, na chuma hiki kisicho kaidi kingepoteza usumaku wake mara moja.