Zeze linalochelewa: jinsi nilivyopima na kupunguza safari ya sauti kwenye kompyuta

Kijana mmoja wa Chamwino alikuja studio kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, na zeze la nyuzi mbili. Alikuwa amebandika kinasa kidogo kwenye kibuyu, maana alitaka sauti ipite kwenye plagini ya ampu na ikwaruze kama gitaa la umeme. Tulikuwa tumesharekodi ngoma, kazi yake ilikuwa kupiga juu yake. Alipiga kidogo, akashusha uta, akasema, "Kaka, mkono umeshafika, sauti bado iko njiani."

Angekuwa mwimbaji, ningewasha kitufe cha kusikiliza moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Sauti ya maiki ingekwenda kwenye hedifoni bila kupita kompyuta na suala lingeisha. Lakini zeze analotaka yeye kulisikia linatengenezwa na plagini, na plagini iko ndani ya kompyuta. Kwa hiyo ilibidi safari nzima ifupishwe: kuingia, kuchakatwa, kutoka.

Kompyuta hupokea sauti ikiwa vipande vidogo sana viitwavyo sampuli, na haichakati sampuli moja moja. Inazikusanya kwanza, kama daladala isiyoondoka mpaka viti vijae. Idadi ya viti ndiyo bafa, ile inayoandikwa `Buffer Size` kwenye dirisha la draiva. Kasi ya sampuli, yaani `Sample Rate`, ni idadi ya abiria wanaofika kituoni kila sekunde. Bafa yangu ilikuwa 512 na kasi 48000, kwa hiyo muda wa kujaza gari ni hesabu fupi:

```
muda = bafa / kasi ya sampuli
512 / 48000 = sekunde 0.0107
```

Hizo ni milisekunde 10.7. Sauti hupanda gari kama hilo mara mbili, moja likiingia na jingine likitoka, kwa hiyo bafa peke yake ilikuwa inakula milisekunde 21.3.

Bafa si yote. Vigeuzi vya sauti, vinavyoigeuza kuwa namba na kuirudisha, vina muda wao, na draiva huweka akiba yake ya usalama kwenye USB ambayo huioni popote. Ndiyo maana sikubali namba inayoonyeshwa na programu kabla ya kupima. Natumia programu ya kurekodi ya REAPER, na juu kulia huandika makadirio ya kuingia na kutoka, lakini makadirio hayo ni maneno ya draiva tu.

Kupima kunahitaji waya mmoja wa jeki. Nilichomeka upande mmoja kwenye tundu la kutokea namba 2, upande mwingine kwenye tundu la kuingilia namba 2, nikaliweka tundu hilo kwenye laini na kuzima umeme wa maiki. Nikatengeneza traki moja yenye mlio mfupi mkali, na traki ya pili ya kuurekodi ukirudi. Traki ya pili lazima usikilizaji wake uzimwe. Ukiuacha wazi, sauti itazunguka na kupiga yowe litakaloumiza masikio na spika. Kisha nikaingia `Options > Preferences > Audio > Recording` na kuondoa alama ya `Use audio driver reported latency`, ili programu isisogeze chochote yenyewe. Nikarekodi, nikakuza picha ya mawimbi ya sauti mpaka nione mwanzo wa kila mlio, nikahesabu sampuli zilizo katikati.

Zilikuwa 1236, sawa na milisekunde 25.75. Sauti hutembea hewani takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ilikuwa kama zeze lake limewekwa karibu mita 9 mbali naye. Kijana hakuwa anadeka.

Kutoka kwenye 1236 nikatoa bafa mbili, yaani 1024, zikabaki 212. Hizo 212 ni za vigeuzi na draiva, na kwenye kadi yangu hazibadiliki nikigeuza bafa. Namba hii ni muhimu kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha sakafu: hata bafa ingekuwa sifuri, milisekunde 4.4 zingebaki.

Nikashusha bafa hadi 128. Kipimo kilisoma 468, yaani milisekunde 9.75. Kijana akapiga ubeti mzima bila kusimama. Nikajaribu 64 na safari ikawa milisekunde 7.1, lakini mipasuko ikaanza, ile ya kama chumvi ikitupwa motoni. Sababu ni kwamba kwa bafa ya 64 kompyuta inapewa milisekunde 1.33 kumaliza hesabu zote za plagini. Ikichelewa mara moja, kadi haina cha kutoa, na pengo hilo ndilo unalolisikia kama mpasuko.

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kupandisha kasi ya sampuli, na mimi nilijaribu pia: 96000 kwa bafa ya 128. Safari ikawa sampuli 586, milisekunde 6.1. Kwa macho ni ushindi. Ila tazama muda ambao kompyuta imepewa: 128 kwa 96000 ni milisekunde 1.33 zilezile, huku sampuli za kuchakata ndani yake zikiwa zimeongezeka maradufu. Mipasuko ikazidi. Nikilinganisha na bafa ya 64 kwa 48000, nilichopata ni milisekunde moja tu, kwa sababu vichujio vya vigeuzi hufupika kasi ikipanda, lakini akiba ya USB haikupungua kwa kiwango hicho. Kwa kompyuta ya kawaida ya mkononi sioni haja ya kulipa bei hiyo. Naanza na bafa, na kasi ya sampuli naiacha 48000.

Kuna uchelewaji mmoja ambao bafa haiugusi kabisa. Plagini zinazotazama mbele, kama limita nyingi za traki kuu, hushikilia sauti ili zione kinachokuja. Kwenye REAPER, chini ya dirisha la plagini kuna namba inayoishia na `spls`. Nilikuta limita yangu imeshika sampuli mamia. Nikaiondoa mpaka siku ya kuchanganya.

Katikati ya kazi umeme ukakatika, kompyuta ikahamia kwenye betri, na bafa ileile ya 128 ikaanza kupasuka. Windows ilikuwa imepunguza kasi ya prosesa kutunza chaji. Niliweka mpango wa umeme kwenye `High performance`, na kwa kuwa joto la mchana lilikuwa limeshaielemea mashine, nikapandisha bafa hadi 256. Safari ikawa milisekunde 15.1. Aliihisi, akasema inavumilika kwa sehemu za taratibu. Sehemu za kasi tulizisubirishia umeme.

Mwisho nilirudisha ile alama ya `Use audio driver reported latency` na kupima tena kwa waya uleule. Kama draiva ingekuwa inasema kweli, milio miwili ingekaa sawasawa. Ilipishana kwa sampuli 78, milisekunde 1.6. Kosa hili mpigaji halisikii akiwa anapiga, ila kila traki mpya hulala nyuma ya ngoma kwa kiasi hichohicho. Niliandika 78 kwenye `Output manual offset`, nikarekodi tena kuhakikisha nimeisogeza upande sahihi, milio ikalingana. Ndipo nikachomoa waya, tukarekodi zeze.